Kuweka drupu ya gavana: jenereta mbili zibebe mzigo bila kugombana

Simu ninazopigiwa kuhusu jenereta zinazofanya kazi pamoja huwa na maswali matatu tu. La kwanza: "Fundi, nimeunganisha mashine mbili, moja inabeba mzigo wote, nyingine imekaa tu." La pili: "Ile ndogo inatripu usiku, mchana haina neno." La tatu: "Nikizungusha nobu ya kasi, hezi hazipandi, zinapanda kilowati." Nimechoka kueleza kwa simu huku mtu amesimama kando ya injini inayonguruma, kwa hiyo naandika hapa. Yote matatu yanatokana na drupu.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni wa hoteli moja ya ufukweni, mashariki mwa Unguja. Ina jenereta kubwa ya kVA 500, yaani kW 400, na ndogo ya kVA 250, yaani kW 200. Jozi za namna hii, zisizolingana, si ajabu huku kwetu. Umeme wa kutoka bara ulipokatika kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mtu alinunua mashine iliyopatikana, si iliyofanana na aliyokuwa nayo.

Drupu ni nini, kwa maneno machache

Jenereta mbili zikishafungwa kwenye basiba moja, yaani reli ya pamoja inayopokea umeme wa mashine zote, haziwezi tena kuwa na masafa tofauti. Sumaku imezifunga pamoja. Ikiwa moja iko Hz 50.8, na nyingine iko hapo hapo. Kwa hiyo gavana, yaani kifaa kinachoongeza au kupunguza mafuta ya injini ili kushika kasi, anayeambiwa "shikilia Hz 50 kamili, liwalo na liwe" akikutana na mwenzake aliyeambiwa vivyo hivyo, hawaelewani. Mita zao hazilingani kwa asilimia mia. Mmoja anaona 49.98, anaongeza mafuta. Mwingine anaona 50.02, anapunguza. Anayeongeza hachoki kuongeza, na anayepunguza anapunguza mpaka anaburutwa. Mafahali wawili, zizi moja.

Drupu inaondoa ugomvi huo kwa sharti moja: kadiri mzigo wako unavyoongezeka, kasi yako ishuke kidogo kwa kipimo kinachojulikana. Tukisema drupu ya asilimia 4 kwa mashine ya Hz 50, maana yake ni kwamba bila mzigo inakaa Hz 52, na ikibeba mzigo wake wote inashuka hadi 50.

```
drupu % = (Hz bila mzigo - Hz mzigo kamili) / Hz mzigo kamili x 100
        = (52 - 50) / 50 x 100 = 4
```

Sasa masafa yanakuwa lugha ya pamoja. Hoteli ikitumia kW 360, mashine zote mbili zikiwa na drupu ya asilimia 4, masafa yanatulia Hz 50.8. Kila mashine ikiona 50.8 inajua iko asilimia 60 ya uwezo wake. Kubwa inabeba kW 240, ndogo kW 120. Hakuna waya wa mawasiliano kati yao, na hauhitajiki.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Mita ya masafa inayosoma desimali moja, au mbili ukipata. Ile ya vijiti vinavyotetemeka haitoshi, kwa sababu tofauti tunayoitafuta ni ya sehemu za kumi za hezi.

Mita ya kilowati kwa kila jenereta. Mita ya ampea peke yake itakudanganya, na nitaeleza sababu mwishoni.

Mzigo wa kutosha wa kujaribia. Ukipata kontena la hita za majaribio, vizuri. Usipopata, tumia mzigo wa jengo lenyewe: hita za maji, majiko ya umeme, viyoyozi. Unahitaji walau nusu ya uwezo wa kila mashine.

Kitabu cha gavana uliyenaye, bisibisi nyembamba, karatasi na kalamu. Na mtu wa pili. Mmoja asome mita kwenye paneli, mwingine awe kwenye gavana.

Relei ya nguvu-kinyume, ile inayoitoa mashine ikianza kuburutwa na mwenzake, inayofanya kazi kwenye kila mashine. Usianze bila hiyo. Pia angalia ulinzi wa masafa ya juu kwenye paneli. Ukikuta umewekwa Hz 51.5, mashine itazimika kila utakapoiwasha bila mzigo na utadhani gavana ni mbovu. Lazima uwe juu ya 52 kwa nafasi ya kutosha.

Hatua

1. Washa mashine moja peke yake, iache ipate joto, na uhakikishe imetulia bila drupu. Kasi ikipanda na kushuka yenyewe, shughulika na hilo kwanza. Badilisha chujio cha mafuta, toa hewa kwenye mfumo wa dizeli, kaza fimbo za gavana zilizolegea, rekebisha skrubu za GAIN na STABILITY. Ukiweka drupu juu ya injini isiyotulia utaficha ugonjwa kwa muda tu.

2. Zima, kisha iingize mashine kwenye hali ya drupu. Jinsi ya kufanya hivi inategemea gavana. Kwenye kidhibiti cha GAC ESD5500E, ambacho utakikuta kwenye jenereta nyingi, unaunganisha terminali K na L kwa kipande cha waya au swichi. Bila waya huo, ile skrubu iliyoandikwa DROOP unaweza kuizungusha mpaka jua lizame, haifanyi kitu. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Kwenye gavana ya mafuta ya Woodward UG-8 kuna nobu ya SPEED DROOP usoni. Namba zake zinakwenda 0 hadi 100, na hizo si asilimia za drupu. Ni alama tu za kukukumbusha ulipoiacha. Kwenye injini zenye kompyuta yake, drupu inaandikwa kwa programu ya mtengenezaji.

3. Washa bila mzigo, rekebisha SPEED hadi Hz 52.0 kamili.

4. Weka mzigo unaoujua na usome masafa. Si lazima ufike mzigo kamili. Kwa drupu ya asilimia 4 unapaswa kuona hivi:

```
mzigo    0%   Hz 52.0
mzigo   25%   Hz 51.5
mzigo   50%   Hz 51.0
mzigo   75%   Hz 50.5
mzigo  100%   Hz 50.0
```

Kwa mashine kubwa ya mfano wetu, kW 200 ni nusu, basi tunataka 51.0. Ukisoma 51.4, drupu ni ndogo, ongeza. Ukisoma 50.7, imezidi, punguza.

5. Toa mzigo, rudisha kasi 52.0, weka mzigo tena, soma tena. Hatua hii watu huiruka. Ukigusa drupu, kasi ya bila mzigo nayo husogea, kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina maana tena. Mimi huwa narudia mara tatu mpaka namba mbili zote zikae: 52.0 bila mzigo, 51.0 kwa nusu.

Jua pia kwamba kidhibiti kama ESD5500E hakipimi kilowati. Kinapima mkondo unaokwenda kwenye akchueta, ile inayosukuma fimbo ya mafuta. Ikiwa akchueta yako inasogea kidogo tu kati ya mzigo sifuri na mzigo kamili, huenda ukazungusha DROOP hadi mwisho na usifike asilimia 4. Usihangaike. Shusha mashine zote mbili hadi asilimia 3, yaani Hz 51.5 bila mzigo na 50.75 kwa nusu. Namba yenyewe si muhimu kama kulingana.

6. Fanya hayo hayo kwa mashine ya pili, ikiwa peke yake. Tumia mita ile ile ya masafa uliyotumia kwa ya kwanza. Mita mbili tofauti zinazopishana kwa Hz 0.2 zitakupa jenereta mbili ambazo hazijawahi kulingana, na karatasi yako itaonyesha kila kitu ni sawa.

7. Tia alama ya rangi kwenye nobu ya kasi ya kila mashine pale inapotoa 52.0 bila mzigo. Hapa ndipo nyumbani kwake. Kama paneli yako inatumia vitufe vya kupandisha na kushusha badala ya nobu, andika kwa herufi kubwa karibu na vitufe: BILA MZIGO Hz 52.0.

8. Sasa ziunganishe. Tuseme kubwa inafanya kazi peke yake na hoteli inatumia kW 360. Hiyo ni asilimia 90 ya uwezo wake, masafa ni Hz 50.2. Ndogo umeiwasha bila mzigo, iko nyumbani, 52.0. Haziwezi kufungwa hivyo, tofauti ni kubwa mno. Shusha kasi ya ndogo mpaka mshale wa sinkroskopu, mita inayolinganisha mashine inayoingia na basiba, uzunguke polepole upande wa kasi, karibu Hz 50.3, na ufunge breka mshale ukiwa unakaribia saa sita juu.

9. Ikishafungwa, pandisha kasi ya ndogo kurudi kwenye alama yake. Wanaoanza hukwama hapa. Wanafunga breka, wanaona kW 5 kwenye mashine ndogo, wanaondoka wakilalamika kwamba haibebi. Haibebi kwa sababu umeiacha kwenye kasi ya 50.3. Ukiirudisha kwenye alama ya 52 utaona masafa ya basiba yanapanda kidogo kidogo hadi 50.8 na kilowati zinahama: kubwa inashuka 240, ndogo inapanda 120.

Hapo pia ndipo jibu la swali la tatu. Mashine ikiwa peke yake, nobu ya kasi inabadilisha kasi. Ikiwa pamoja na nyingine, nobu ile ile inabadilisha mzigo, na kasi inasogea kidogo tu.

10. Jaribu kwa mzigo mdogo pia, usiridhike na mmoja. Punguza mzigo wa jengo hadi kW 150. Unapaswa kuona 100 na 50, Hz 51.5. Zikigawana vizuri kwa 360 na vibaya kwa 150, bado hujamaliza.

11. Unapoitoa mashine, usikate breka ikiwa na mzigo. Shusha kasi yake mpaka kilowati zikaribie sifuri, kisha fungua. Iache izunguke bila mzigo dakika chache ipoe. Kesho yake anayeiwasha airudishe kwenye alama.

Kisa cha ile hoteli

Nilipoitwa, malalamiko hayakuwa ya usiku. Walisema kila siku saa kumi na mbili asubuhi hoteli nzima inazimika, wageni wakiwa bafuni. Mlinzi ndiye aliyenidokeza kwamba mashine ndogo huwa "inalala yenyewe" karibu saa tisa usiku, na kwa kuwa taa haziondoki, hakuna aliyejali.

Nikazipima moja moja. Kubwa: 52.0 bila mzigo, drupu asilimia 4. Ndogo: 51.0 bila mzigo, drupu asilimia 2. Zote mbili zilifika Hz 50 kwa mzigo kamili, na aliyeziweka alikuwa amezijaribu kwa mzigo mkubwa tu, zikaonekana ndugu.

Fuata hesabu. Kubwa inashuka Hz 2 kwa kW 400, kwa hiyo kila hezi moja ni kW 200. Ndogo inashuka Hz 1 kwa kW 200, kwa hiyo nayo kila hezi moja ni kW 200. Masafa ya basiba tuyaite f.

```
kubwa = 200 x (52 - f)
ndogo = 200 x (51 - f)
```

Jioni, mzigo ukiwa kW 360, masafa yanatulia Hz 50.6. Kubwa inabeba 280, ndogo 80. Si mgawanyo wa haki, asilimia 70 kwa 40, lakini hakuna kinachozimika. Usiku wageni wakilala mzigo unashuka. Ukifika kW 200, masafa ni 51.0 kamili na ndogo haibebi chochote. Ukishuka hadi 150, masafa ni 51.125, juu ya kasi ya bila mzigo ya ile ndogo. Gavana yake inafunga mafuta kabisa, na mashine inageuka kuwa mota: kubwa inatoa kW 175, na 25 kati ya hizo zinaizungusha ndogo. Relei ya nguvu-kinyume ilikuwa imewekwa asilimia 10, yaani kW 20. Ikatripu, kama ilivyopaswa.

Kubwa ikabaki peke yake na kW 150, bila shida. Alfajiri jiko likawashwa, hita za maji zikawashwa, mzigo ukapita 400. Kubwa ikazidiwa, ikakata, giza.

Fundi aliyenitangulia alikuwa amekwisha kushauri relei hiyo iondolewe "kwa kuwa inasumbua". Usifanye hivyo kamwe. Siku injini itakapoishiwa mafuta au kukwama pampu, relei hiyo ndiyo pekee inayozuia mashine nzima iliyobaki isiburute injini iliyokufa.

Tiba ilichukua mchana mmoja: ndogo iliwekwa drupu ya asilimia 4 na 52.0 bila mzigo, hatua ya 3 hadi 5 mara nne. Usiku ule kwa kW 150 ilibeba 50 na haikutripu.

Ikigoma

*Mgawanyo haulingani, na tofauti ni ile ile kwa mzigo wowote.* Kasi za bila mzigo zinapishana, drupu ni sawa. Mfano, kubwa ikiwa 52.0 na ndogo 51.7, kwa kW 360 utapata 260 na 100, yaani asilimia 65 na 50. Tofauti hiyo ya asilimia 15 utaikuta hata mzigo ukibadilika. Sogeza nobu ya kasi tu, usiguse drupu.

*Zinalingana kwa mzigo mmoja na kuachana kwa mwingine.* Drupu hazilingani. Rudi hatua ya 4, mashine moja moja. Usijaribu kulirekebisha hili kwa nobu ya kasi, utakuwa unalihamisha tatizo kutoka mchana kwenda usiku.

*Mashine moja inachukua kila mabadiliko ya mzigo, nyingine haisogei hata kilowati moja.* Ile inayochukua haina drupu, imebaki kwenye hali ya kasi moja. Angalia waya wa K na L. Kuna watu wanaofanya hivi kwa makusudi: moja inashikilia Hz 50, nyingine zina drupu na mzigo usiobadilika. Inafanya kazi, mradi iwe moja tu kwenye basiba nzima, na mabadiliko ya mzigo yasizidi uwezo wake yeye peke yake, kupanda wala kushuka.

*Kilowati zinacheza huku na huku kati ya mashine mbili kila sekunde chache.* Kwanza punguza GAIN kidogo kwenye mashine moja. Isipotulia, tazama fimbo ya mafuta kama ina ulegevu. Drupu iliyo chini ya asilimia 2 nayo huleta hili, kwa sababu kosa dogo la kasi linageuka kuwa kilowati nyingi.

*Unapandisha kasi, mashine haiongezi mzigo.* Imefika mwisho wa mafuta. Kwenye UG-8 angalia kama mtu ameishusha nobu ya LOAD LIMIT. Kwingine ni chujio la dizeli lililoziba, nalo huonekana kwenye mzigo mkubwa tu.

*Kilowati zinalingana lakini ampea hazilingani.* Gavana haina kosa hapa. Gavana anagawa kilowati kwa njia ya mafuta. Ampea za ziada zinatokana na volti: AVR, kidhibiti cha volti, ya mashine moja inavuta juu kuliko ya mwenzake, na mkondo unazunguka kati yao bila kufanya kazi yoyote. Ukizifunga pamoja bila mzigo na bado ukaona ampea kwenye mashine zote mbili, ndiyo hiyo. AVR nayo ina drupu yake, ya volti, na inahitaji CT yake, kifaa cha kupimia mkondo, kwenye fezi ambayo kitabu cha AVR kinaitaja. Ikifungwa kinyume, kadiri unavyoongeza drupu ya volti ndivyo ampea zinavyozidi. Geuza nyaya mbili za CT hiyo, mashine ikiwa imezimwa: CT ikifunguliwa nyaya huku mkondo unapita, inatoa volti ya kuua.

*Vifaa vya UPS vinalalamika usiku.* Mzigo ukiwa mdogo masafa yako juu, 51.5 au zaidi, na UPS nyingine hukataa. Shusha nobu za kasi za mashine zote mbili kwa kiasi kile kile, Hz 0.5 kila moja, ukizisogeza kidogo kidogo kwa zamu. Mgawanyo hautabadilika. Utakachopoteza ni kwamba kwa mzigo kamili utakuwa Hz 49.5, na pampu zitazunguka taratibu kidogo.